Hatari ya Kugundua au ya Kutogundua? Istilahi na Hatua za Ukaguzi wa Hesabu

Katika makala haya tunakusudia kueleza hatua za ukaguzi wa hesabu kama zinavyofundishwa wanafunzi wanaojiandaa kwa mtihani, na papo hapo kuonyesha mahali ambapo istilahi iliyochaguliwa vibaya humpotosha mkaguzi katika kazi yenyewe. Tuliletewa bunda la madondoo ya marudio yaliyoandikwa na wanafunzi wa masomo ya jioni, tukaombwa tuyatazame maneno yake. Katika karatasi moja tulisoma kwamba "hatari ya kugundua ikiwa ndogo, mkaguzi apunguze kazi." Kanuni ya ukaguzi inasema kinyume kabisa. Hata hivyo mwandishi wa karatasi hiyo hakuwa mzembe. Alilifuata neno lilivyomwongoza, nalo neno lilikuwa limekosewa.

Tumeyapanga madondoo hayo upya kwa hatua tano, na mwisho wa kila hatua tumeweka orodha fupi ya mambo ya kuhakikisha. Ili maelezo yasielee hewani, tutafuata mfano mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Tuseme kuna kampuni, ya kubuni tu, inayonunua korosho ghafi mkoani Mtwara na kuzibangua. Mwaka wake wa hesabu huisha tarehe 31 Desemba, wakati ambapo maghala yamejaa mazao ya msimu. Vitabu vyake vinaonyesha mapato ya mwaka ya shilingi milioni 4,000, wadaiwa wa shilingi milioni 300, na korosho ghafi zilizomo ghalani za shilingi milioni 640. Kiasi hiki cha mwisho kimepatikana kwa kuzidisha magunia 4,000 kwa kilo 80, na kilo kwa gharama ya shilingi 2,000.

Hatua ya kwanza: Kupanga

Kabla ya kufungua kitabu cho chote, mkaguzi hujiuliza kama anastahili kuikubali kazi hiyo. Je, ana hisa katika kampuni? Je, nduguye ndiye mhasibu mkuu? Akiridhika kwamba yu huru, hutiwa saini barua ya makubaliano inayoeleza kwamba wenye wajibu wa kutayarisha hesabu ni viongozi wa kampuni, na kwamba kazi ya mkaguzi ni kutoa maoni juu ya hesabu hizo.

Maoni hayo hutolewa kwa uhakika wa kutosha. Wanafunzi kadhaa walikuwa wameandika "uhakika kamili," nalo ni kosa. Mkaguzi hasomi kila hati wala hapimi kila gunia, na mwizi hodari anaweza kughushi karatasi zikaonekana za kweli. Uhakika wa kutosha ni wa kiwango cha juu, lakini si dhamana.

Jambo la pili katika kupanga ni kuamua kosa la ukubwa gani laweza kubadili uamuzi wa mtu anayezitegemea hesabu hizo, kama vile benki inayokopesha au mwenye hisa. Madondoo mengi yalitumia neno "umuhimu." Sisi tunapendekeza "uzito," kwa sababu Kiswahili tayari kina kosa zito na kosa jepesi, na kwa sababu jambo laweza kuwa muhimu bila kufikia kiasi cha kupotosha hesabu. Kwa hiyo tutasema kiwango cha uzito.

Viwango vya Kimataifa vya Ukaguzi havikutaja asilimia maalumu. Vimeacha jambo hili kwa busara ya mkaguzi. Mazoea ya wengi ni kuchukua sehemu ndogo ya kipimo kimoja kilicho imara. Katika mfano wetu mkaguzi amechukua asilimia 1 ya mapato, yaani shilingi milioni 40. Lakini akiifanya kazi yote kwa kiwango hicho, makosa madogo madogo ambayo hakuyaona yaweza kujumlika yakapita milioni 40. Kwa hiyo hujiwekea kiwango cha chini zaidi cha kutendea kazi, ambacho hapa ni asilimia 75, yaani milioni 30. Vile vile huweka kiasi ambacho chini yake kosa halikusanywi kabisa, nacho hapa ni milioni 2.

Orodha ya hatua ya kwanza:
1. Uhuru wa mkaguzi umehakikishwa na kuandikwa.
2. Barua ya makubaliano imetiwa saini na pande zote mbili.
3. Kiwango cha uzito, kiwango cha kutendea kazi na kiasi cha kupuuza vimewekwa, na sababu za kuvichagua zimeelezwa.

Hatua ya pili: Kupima hatari

Hapa ndipo maneno yalipowachanganya wanafunzi kuliko mahali pengine po pote. Hatari inayozungumzwa katika ukaguzi si ya kampuni kufilisika wala ya ghala kuungua moto, ingawa mambo hayo yaweza kuwa chanzo chake. Hatari ya ukaguzi ni uwezekano wa mkaguzi kusema hesabu ni sawa kumbe zina kosa zito. Uwezekano huo hugawanywa sehemu tatu, na ufundishaji huonyesha uhusiano wake kwa kanuni hii:

Hatari ya ukaguzi = hatari ya asili × hatari ya udhibiti kushindwa × hatari ya kutogundua

Hatari ya asili ni uwezekano wa kosa kutokea kutokana na tabia ya jambo lenyewe, kabla hatujafikiria kinga yo yote. Korosho ni nyingi, hufanana, hubebeka, na hupungua uzito zinapokauka. Basi ni rahisi kuzikosea kuliko kukosea jengo la ofisi ambalo halihami wala halinyauki.

Hatari ya pili iliandikwa katika madondoo kama "hatari ya udhibiti." Msomaji akikutana na maneno hayo hudhani kwamba udhibiti ndio wenye hatari, kama tusemavyo hatari ya moto au hatari ya nyoka. Mwanafunzi mmoja alifika hata kuandika kwamba udhibiti ukiwa na nguvu, hatari hiyo huwa kubwa. Kinachokusudiwa ni uwezekano wa udhibiti wa ndani kushindwa kulizuia kosa au kulifichua na kulisahihisha kwa wakati. Kwa hiyo tumeongeza neno "kushindwa," nasi tunaona urefu wake una faida kuliko ufupi unaopotosha.

Hatari ya tatu ndiyo iliyoleta sentensi tuliyoitaja mwanzoni. Ni uwezekano kwamba taratibu za mkaguzi mwenyewe zitalipita kosa bila kuliona. Katika Kiswahili hatari huenda pamoja na jambo baya linaloogopwa. Mkaguzi haogopi kugundua, anaogopa kutogundua. Silabi ile moja ya "to" ndiyo inayobeba maana yote. Aidha, hatari mbili za kwanza mkaguzi huzikuta, ila hii ya tatu huiweka mwenyewe kwa wingi wa kazi atakayoifanya. Akitaka iwe ndogo, hana budi kuongeza kazi. Ndiyo maana sentensi ya mwanafunzi ilikuwa kinyume.

Ili kuzipima hatari mbili za kwanza, mkaguzi huielewa kampuni na taratibu zake. Njia mojawapo ni kuufuata muamala mmoja toka unapozaliwa. Huchukua lori moja la korosho lililofika mwezi wa Oktoba, akaanzia langoni, akaenda kwenye mizani, akaiona stakabadhi ya kupokelea mzigo, kisha daftari la ghala, na hatimaye leja. Katika safari hiyo mkaguzi wetu ameona mambo mawili. Kwanza, kila gunia huandikwa kilo 80 siku ya kupokelewa, na uzito huo hauguswi tena mpaka gunia linapoingia kiwandani. Pili, stakabadhi ya kupokelea haipaswi kuandikwa bila kuambatanishwa na karatasi ya mizani.

Kisha huigawanya hatari kwa kila dai. Viongozi wanapoandika kwamba wana korosho za shilingi milioni 640, wanadai mambo kadhaa kwa pamoja: kwamba korosho hizo zipo, kwamba ni mali yao, kwamba zimeandikwa zote, na kwamba thamani yake ni sahihi. Hatari ya kila dai hupimwa peke yake. Mkaguzi wetu ameona kwamba hatari kubwa ni katika kuwepo na katika thamani, kwa kuwa kampuni inaomba mkopo na ingependa ghala lionekane limejaa.

Kiwango cha Kimataifa Namba 315, kilichorekebishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika kwa hesabu za vipindi vilivyoanza tarehe 15 Desemba 2021 au baadaye, kinataka hatari ya asili na hatari ya udhibiti kushindwa zipimwe mbalimbali. Tena kinasema kwamba mkaguzi asiyekusudia kuujaribu udhibiti asijipunguzie hatari kwa ajili yake. Achukue hatari ya asili kama ilivyo. Kwa maneno mengine, udhibiti unaosifiwa kwa mdomo tu hauhesabiwi.

Orodha ya hatua ya pili:
1. Muamala mmoja angalau wa kila mkondo mkubwa umefuatwa toka mwanzo hadi leja.
2. Hatari ya asili imepimwa kwa kila dai, si kwa hesabu nzima kwa jumla.
3. Hatari ya viongozi kuupuuza udhibiti wao wenyewe imeandikwa, maana hiyo haikosekani katika kampuni yo yote.

Hatua ya tatu: Kuijibu hatari

Hatari ikishapimwa hujibiwa kwa mambo matatu, nayo ni aina ya taratibu, wakati wa kuzifanya, na kiasi chake. Hapa kanuni yetu yaweza kutumika kwa tarakimu, ingawa hatuna budi kuonya kwamba tarakimu hizi ni za kufundishia. Kazini mkaguzi husema kubwa, ya kati au ndogo, kwa kuwa hakuna mizani ya kupimia hatari kama ile ya kupimia korosho.

Tuseme mkaguzi anakubali hatari ya ukaguzi ya asilimia 5. Hatari ya asili ya korosho ameichukua kuwa asilimia 100. Alitumaini kwamba utaratibu wa karatasi ya mizani unafanya kazi vizuri kiasi, akakadiria hatari ya udhibiti kushindwa kuwa asilimia 50. Basi hatari ya kutogundua anayoweza kuikubali ni 0.05 ÷ (1 × 0.5), yaani 0.10 au asilimia 10. Kwa msingi huo alipanga kushuhudia hesabu ya magunia tarehe 30 Novemba, kisha kusogeza tarakimu mpaka mwisho wa mwaka kwa kutumia vitabu, na kupima uzito wa magunia 25.

Lakini tumaini halina budi kujaribiwa. Akachagua stakabadhi 25 za kupokelea mzigo bila upendeleo, akatafuta karatasi ya mizani ya kila moja. Stakabadhi 4 hazikuwa nayo. Alipouliza, aliambiwa kwamba mizani ilikuwa mbovu kwa siku kadhaa na magunia yalipokelewa kwa macho. Maelezo hayo yaweza kuwa ya kweli kabisa, lakini hayaponyi kitu, kwa sababu udhibiti uliosimama siku mizani ilipoharibika haukuwa udhibiti siku hiyo. Kwa hiyo mkaguzi akaacha kuutegemea, akaipandisha hatari hiyo kuwa asilimia 100, na hatari ya kutogundua ikashuka kuwa 0.05 ÷ (1 × 1), yaani asilimia 5.

Msomaji aangalie kilichofuata. Hatari ya kutogundua imeshuka, na kazi imepanda. Hesabu ya magunia iliyokuwa ifanywe tarehe 30 Novemba imehamishiwa tarehe 31 Desemba yenyewe, kwa kuwa vitabu vya mwezi mmoja katikati haviaminiki tena. Magunia ya kupimwa uzito yameongezwa toka 25 hadi 40. Mwanafunzi aliyeandika "apunguze kazi" angefanya kinyume cha yote mawili, naye angeyafanya kwa moyo mweupe.

Liko pia kosa la upande wa pili. Hata udhibiti ukijaribiwa na kuonekana madhubuti, mkaguzi haruhusiwi kuacha kabisa kuichunguza hesabu yenyewe ikiwa ni nzito. Kanuni ya kuzidisha isimdanganye mtu kwamba hatari ndogo sana ya udhibiti kushindwa yaweza kuifuta kazi yote iliyobaki.

Orodha ya hatua ya tatu:
1. Kila udhibiti unaotegemewa umejaribiwa, na idadi ya mapungufu imeandikwa.
2. Jaribio liliposhindwa, mpango umebadilishwa katika aina, wakati na kiasi.
3. Kwa kila hesabu nzito upo uchunguzi wa moja kwa moja.

Hatua ya nne: Kukusanya ushahidi

Neno ushahidi limetoka mahakamani, nalo hutujia pamoja na shahidi anayesimama na kusema. Kwa sababu hiyo wanafunzi wengi waliweka mahojiano mbele ya aina zote za ushahidi. Katika ukaguzi, maneno ya mdomo ndiyo ushahidi dhaifu, na peke yake hayatoshi. Ushahidi unaotoka nje ya kampuni hushinda wa ndani. Mkaguzi anachokiona mwenyewe hushinda anachosimuliwa. Maandishi hushinda maneno. Na hati halisi hushinda nakala. Lakini hizi ni kanuni za jumla, maana hata barua ya nje huwa haina thamani ikiwa imepitia mikononi mwa yule anayechunguzwa.

Madondoo yalikuwa na aina saba za taratibu. Kuchunguza ni kuzisoma hati au kukitazama kitu chenyewe. Kushuhudia ni kuwatazama wengine wakifanya kazi yao, na udhaifu wake ni kwamba watu hufanya vizuri wanapotazamwa. Uthibitisho wa nje ni jibu la maandishi ambalo mkaguzi amelipata moja kwa moja toka kwa mtu wa nje. Kukokotoa upya ni kurudia hesabu, na kutenda upya ni kurudia utaratibu mzima ambao kampuni ilidai imeufanya. Uchambuzi wa ulinganisho ni kupima kama tarakimu zinapatana, mathalani kama magunia yanayodaiwa kuwepo yanaweza kuenea katika maghala yaliyopo. Ya saba ni kuuliza. Tunashauri neno "uthibitisho" liachiwe aina hii moja tu ya jibu la nje, na lisitumiwe badala ya "ushahidi," kwa maana si kila ushahidi unathibitisha.

Sababu ya mkaguzi kwenda ghalani mwenyewe ina historia. Mwaka 1938 nchini Amerika iligunduliwa kwamba kampuni ya dawa ya McKesson & Robbins ilikuwa imeonyesha katika vitabu mali na wadaiwa wasiokuwepo wa dola milioni 19 hivi, katika jumla ya mali iliyozidi dola milioni 87. Maghala yaliyosemwa kuwa na bidhaa hizo huko Kanada yalikuwa ya karatasi tu. Wakaguzi walikuwa wameziona hati, nazo zilipatana vizuri, kwa kuwa zote zilitengenezwa na watu wale wale. Mwaka 1939 chama cha wahasibu cha nchi hiyo kikaagiza kwamba mkaguzi ashuhudie hesabu ya bidhaa na awaandikie wadaiwa moja kwa moja.

Sasa turudi Mtwara. Maghala ni matatu, yenye magunia 1,500, 1,300 na 1,200 kwa mujibu wa vitabu. Jambo la kwanza mkaguzi aliloomba ni kusimamisha uhamishaji wo wote kati ya maghala mpaka hesabu iishe, maana gunia lililohesabiwa asubuhi katika ghala la kwanza laweza kuhesabiwa tena jioni katika la tatu. Aliandika pia namba ya stakabadhi ya mwisho ya kupokelea na ya kutolea, ili mzigo wa Januari usiingizwe Desemba.

Kisha alihesabu kwa pande mbili. Alichukua karatasi ya hesabu akaenda kulitafuta rundo lililoandikwa. Hivyo alichunguza kuwepo. Baadaye alichagua rundo lililo mbele yake akaenda kulitafuta kwenye karatasi. Hivyo alichunguza ukamilifu. Wanafunzi wengi waliona tendo hili ni moja. Lakini anayeanzia kwenye karatasi hawezi kamwe kuliona gunia ambalo halikuandikwa, na anayeanzia kwenye rundo hawezi kuligundua gunia la uongo lililoandikwa. Kwa hiyo kabla ya kuanza, mkaguzi hujiuliza anachunguza dai gani, na dai hilo ndilo linalomwambia aanzie wapi.

Katika ghala la tatu lilikuwepo rundo moja lenye urefu wa magunia 10, upana wa magunia 8, na tabaka 15. Kwa kuzidisha hupatikana 1,200, sawa na vitabu. Msaidizi aliyepanda juu alihisi tabaka la juu linabonyea katikati. Mkaguzi akaomba magunia ya juu yaondolewe. Chini yake palikuwa na mbao, na chini ya mbao palikuwa patupu, mahali pa magunia 3 kwa 2 kwa tabaka 14. Yalikosekana magunia 84.

Yale magunia 40 yaliyochaguliwa bila upendeleo katika maghala yote yalipimwa, na wastani wake ulikuwa kilo 77.5. Korosho zilikuwa zimekauka tangu Oktoba, ilhali vitabu viliendelea kusema kilo 80. Hapakuwa na wizi katika jambo hili. Lilikuwa kosa la utaratibu tu, lile lile lililoonekana katika hatua ya pili.

Tukokotoe. Magunia yaliyopo ni 3,916, na kwa kilo 77.5 ni kilo 303,490. Vitabu vilidai kilo 320,000. Upungufu ni kilo 16,510, ambao kwa shilingi 2,000 ni shilingi 33,020,000. Katika kiasi hicho, shilingi 13,020,000 ni za magunia yaliyokosekana, na shilingi 20,000,000 ni za uzito. Sehemu ya uzito ni makadirio yaliyotokana na sampuli ya magunia 40, kwa hiyo mkaguzi aliwaomba viongozi wapime magunia mengi zaidi. Walipima, na wastani haukubadilika.

Kwa upande wa wadaiwa, mkaguzi aliandika barua, akazipeleka posta mwenyewe, na kutaka majibu yaje ofisini kwake. Mnunuzi mmoja alijibu kwamba deni lake limezidishwa kuliko haki kwa shilingi milioni 8, kwa kuwa alikwisha kurudisha mzigo uliooza mwezi wa Novemba. Hati ya kulipunguza deni lake haikuandikwa. Wale wasiojibu hawakuachwa. Mkaguzi alitazama kama walilipa baada ya mwaka kuisha. Hata hivyo barua ya mdaiwa anayekiri deni inathibitisha kwamba deni lipo tu. Haithibitishi kwamba ataweza kulilipa.

Orodha ya hatua ya nne:
1. Kila utaratibu umeandikwa dai unalolichunguza na upande ulikoanzia.
2. Uhamishaji wa bidhaa umesimamishwa, na namba za mwisho za stakabadhi zimeandikwa.
3. Marundo makubwa yamefunuliwa, na sampuli ya uzito imechaguliwa bila upendeleo.
4. Barua za wadaiwa hazikupitia mikononi mwa kampuni.

Hatua ya tano: Kuhitimisha

Upungufu wa korosho peke yake, shilingi 33,020,000, umepita kiwango cha kutendea kazi lakini haujafikia kiwango cha uzito cha milioni 40. Mwanafunzi mwenye haraka angeandika kwamba kosa ni jepesi akafunga jalada. Lakini makosa hujumlishwa. Ukiongeza shilingi 8,000,000 za mnunuzi, jumla ni shilingi 41,020,000, na yote mawili yanaikuza faida kwa upande ule ule. Hesabu zimekuwa na kosa zito.

Mkaguzi huwaomba viongozi wasahihishe. Wakisahihisha yote, atatoa maoni yasiyo na shaka. Wakikataa, na kosa likiwa zito lakini halikuenea hesabu nzima, atatoa maoni yenye shaka na kueleza sababu. Lakini pengo lile lililofunikwa mbao halimaliziki kwa kusahihisha tarakimu, maana mtu aliyepanga mbao zile alikusudia kuficha. Mkaguzi hana budi kulifikisha kwa viongozi wa ngazi inayofaa, kujiuliza nani mwingine alihusika, na kurudi hatua ya pili kutazama kama hatari nyingine alizipima chini ya kiasi. Hatua hizi tano zimeandikwa kwa mfuatano, lakini mkaguzi huzipanda na kuzishuka kila ushahidi mpya unapotokea.

Orodha ya hatua ya tano:
1. Makosa yote yaliyopita kiasi cha kupuuza yamejumlishwa, pamoja na mwelekeo wake.
2. Dalili za udanganyifu zimefikishwa mahali panapopasa na kuandikwa.
3. Karatasi za kazi zinamwezesha mkaguzi mwingine, asiyeijua kazi hii, kuona kilichofanywa na kwa nini.

Tumalizie na neno moja la magazetini. Kampuni ikipewa maoni yasiyo na shaka, husemwa kwamba imepata hati safi, na wasomaji hufahamu kwamba hakuna aliyeiba. Katika mfano wetu, kama yule mnunuzi angekuwa amerudisha mzigo wa shilingi milioni 6 tu, jumla ingekuwa shilingi 39,020,000, chini ya kiwango cha uzito. Viongozi wangekataa kusahihisha, na huenda bado maoni yangetoka bila shaka, huku magunia 84 yamekwisha kuondoka. Mkaguzi angekuwa ameliona pengo na kuwaarifu viongozi, lakini maoni yake yangehusu hesabu, si magunia. Kwa hiyo tunawashauri waalimu na waandishi watumie "maoni yasiyo na shaka," na waongeze, kila nafasi inaporuhusu, kwamba shaka inayosemwa ni ya kosa zito tu.